Kwa Nini Kisanduku Kifupi Hurefuka Kwenye Gridi

Kurasa nyingi za wavuti hupangwa kwa mtindo uleule: habari ndefu upande mmoja, kisanduku kidogo upande wa pili. Kisanduku hicho hubeba jambo fupi, kama tarehe ya mkutano, namba ya simu au bei za siku. Ukitazama vizuri utakuta baadhi ya visanduku hivyo vina mistari michache ya maandishi juu, kisha rangi tupu inateremka hadi mwisho wa ukurasa. Aliyetengeneza ukurasa naye hushangaa, maana akipekua msimbo wake haoni popote alipoandika kwamba kisanduku kiwe na urefu huo.

Chanzo chake ni kanuni moja ya CSS, lugha inayotumika kupanga na kupamba kurasa za wavuti. Kanuni hiyo hufanya kazi hata kama hujaiandika, na dawa yake ni mstari mmoja tu: `align-self: start`. Hata hivyo, mstari huo ukiwekwa pasipo pake haufanyi lolote, na lipo tatizo jingine linalofanana na hili ambalo mstari huo hauliponyi. Kwa hiyo ni vyema kwanza kujua urefu huo unatoka wapi.

Kivinjari kinavyopima

Tuchukue ukurasa wa ushirika wa wakulima wa kahawa. Kushoto kuna taarifa ndefu ya msimu, kulia kuna tangazo fupi la mkutano mkuu. Mifupa ya ukurasa ni hii:

```html
<main class="ukurasa">
  <article class="habari">...</article>
  <aside class="tangazo">...</aside>
</main>
```

Na mpangilio wake ni huu:

```css
.ukurasa {
  display: grid;
  grid-template-columns: 2fr 1fr;
  gap: 24px;
}
.tangazo {
  background: #fdf1d0;
  padding: 20px;
}
```

Maneno `display: grid` humgeuza mzazi, yaani `.ukurasa`, kuwa gridi. Mstari unaofuata humgawia safu wima mbili, ya kushoto ikiwa na upana maradufu ya ile ya kulia. Hakuna neno lolote kuhusu safu mlalo, kwa hiyo kivinjari hutengeneza moja chenyewe na kuipa urefu wa `auto`, maana yake urefu utakaotokana na vitu vilivyomo.

Sasa kivinjari huanza kupima. Kikishajua upana wa kila safu wima, hupanga maandishi ndani yake na kuona kila kitu kinahitaji urefu gani. Tuseme taarifa ya msimu inahitaji pikseli 1,800. Maandishi ya tangazo yanahitaji 180, na ukiongeza nafasi ya ndani ya pikseli 20 juu na 20 chini, unapata 220. Safu mlalo ni moja na lazima impokee aliye mrefu kuliko wote, kwa hiyo urefu wake unakuwa 1,800.

Hapo kila mtoto wa gridi ameshapata seli yake, na seli zote mbili zina urefu wa pikseli 1,800. Linabaki swali la mwisho: ndani ya seli hiyo, tangazo likae vipi? Seli ni kama chumba, na kisanduku ni mkeka unaotandikwa humo. Mkeka unaweza kufika kila ukuta, au ukabaki na ukubwa wake na kuegemezwa upande mmoja. Kama hujasema chochote, CSS hutandika hadi ukutani. Tangazo linavutwa kutoka pikseli 220 hadi 1,800, na pikseli 1,580 za chini zinabaki rangi tupu.

Sifa inayoamua jambo hilo kwa watoto wote wa gridi ni `align-items`, nayo huandikwa kwa mzazi. Thamani yake ya awali ni `normal`, ambayo kwa visanduku vya kawaida vya gridi hufanya kazi sawa na `stretch`, yaani kunyoosha. Picha zimeachwa nje ya desturi hiyo: picha iliyowekwa moja kwa moja kwenye gridi hubaki na urefu wake wa asili, kwa kuwa ina vipimo vyake yenyewe. Hii ndiyo sababu kwenye gridi moja unaweza kuona kisanduku cha maandishi kimevutwa na picha jirani haikuguswa.

Kwa nini ikawa hivyo

Anayekutana na tabia hii mara ya kwanza huidhania kuwa hitilafu. Kumbe iliwekwa makusudi, na historia inaeleza. Kwa miaka mingi watengenezaji walipanga safu wima kwa `float`, sifa ambayo kazi yake ya asili ni kuifanya picha ikae pembeni huku maandishi yakiizunguka. Kwa njia hiyo kila safu wima iliishia pale maandishi yake yalipoishia. Ukitaka safu ya pembeni iwe na rangi yake hadi chini, sambamba na habari kuu, hukuwa na njia ya moja kwa moja. Mwaka 2004 mbunifu Dan Cederholm alieleza ujanja ulioenea sana: unampa mzazi picha nyembamba ya mandharinyuma inayojirudia kwenda chini, yenye rangi za safu zote mbili, ili msomaji adhani safu hizo zina urefu sawa.

Gridi ilipofika, kiu hiyo ilikatwa. Microsoft walitangulia kuweka toleo la awali kwenye Internet Explorer 10 mwaka 2012, na Machi 2017 gridi kamili ikaingia kwenye Firefox, Chrome na Safari ndani ya mwezi mmoja. Safu zenye urefu sawa, zilizokuwa zikitafutwa kwa ujanja, sasa zilikuwa desturi isiyohitaji kuandikwa. Kwa orodha ya bidhaa tatu zilizopangwa bega kwa bega, desturi hiyo ni neema: visanduku vyote huishia mstari mmoja hata kama maelezo ya bidhaa moja ni marefu. Kwa tangazo lililo jirani na taarifa ndefu, desturi hiyohiyo ni kero.

Mstari mmoja, mahali pake

Kwa kuwa tunataka kumtoa mtoto mmoja tu kwenye desturi ya nyumba, tunatumia `align-self`, sifa anayoandikiwa mtoto mwenyewe. Isipoandikwa, mtoto hufuata `align-items` ya mzazi wake. Ikiandikwa, ndiyo inayoshinda.

```css
.tangazo {
  align-self: start;
}
```

Thamani `start` ina maana kisanduku kiegemee mwanzo wa seli, ambao kwa maandishi ya Kiswahili ni juu. Papo hapo tangazo linarudi kwenye pikseli 220. Ukiandika `end` litakaa chini ya seli, na `center` litakaa katikati. Katika hali zote tatu halinyooshwi tena, linabaki na urefu wa kilichomo.

Angalia kitu ambacho hakikubadilika. Upana wa tangazo bado unajaza safu wima yake yote, kwa sababu `align-self` inashughulikia mwelekeo wa juu na chini peke yake. Upande wa kushoto na kulia una sifa yake, `justify-self`, nayo pia kwa kawaida hunyoosha. Ndiyo maana kitufe cha kiungo kilichowekwa moja kwa moja kwenye gridi mara nyingi hutanuka pande zote mbili. Kwa kitufe cha namna hiyo, `place-self: start` huzuia pande zote kwa mstari mmoja. Kwa tangazo letu upana kamili unafaa, kwa hiyo tunaishia kwenye `align-self`.

Wengine hukimbilia njia ya mkato: wanapima tangazo kwa macho na kuandika `height: 180px`. Kwa siku hiyo inafanya kazi, maana kunyoosha hutokea tu pale urefu ulipoachwa `auto`. Lakini wiki ijayo katibu akiongeza mistari miwili kwenye tangazo, au msomaji mwenye macho mazito akikuza herufi, maandishi yatazidi kisanduku na kumwagika nje ya rangi yake. Kwa `align-self: start` urefu unaendelea kufuata maandishi, yakiongezeka nao unaongezeka.

Kosa linalotokea zaidi ni kuandika mstari huu kwa asiyehusika. `align-self` ina nguvu kwa mtoto wa moja kwa moja wa gridi, haimfikii mjukuu. Tuseme mtengenezaji wetu aliweka tangazo ndani ya kisanduku kingine:

```html
<main class="ukurasa">
  <article class="habari">...</article>
  <div class="pembeni">
    <aside class="tangazo">...</aside>
  </div>
</main>
```

Hapa mtoto wa gridi ni `.pembeni`, na ndiye anayenyooshwa. Kama rangi iko kwa `.pembeni`, kumwandikia `.tangazo` `align-self: start` hakutabadilisha chochote kwenye kioo. Ukurasa wenyewe hautaonyesha kosa lolote, kwa sababu mstari umeandikwa sawasawa. Dawa ni kuuhamishia kwa `.pembeni`.

Tangazo linalokataa kuganda

Kuna wakati kunyooshwa huku hakuonekani kabisa, lakini madhara yake yapo. Tuseme tangazo halina rangi ya nyuma wala mstari wa kuzunguka. Msomaji haoni pikseli zile 1,580 tupu, na mtengenezaji hana habari nazo. Kisha uongozi wa ushirika unaomba tangazo la mkutano libaki mbele ya macho wakati msomaji anateremsha taarifa ndefu. Mtengenezaji anaandika:

```css
.tangazo {
  position: sticky;
  top: 16px;
}
```

Anateremsha ukurasa, na tangazo linapanda juu na kutoweka kama kawaida. Anahakiki herufi, anajaribu kivinjari kingine, mambo ni yaleyale.

Hesabu yake ni nyepesi. Kitu chenye `position: sticky` huganda juu ya kioo, lakini hakiruhusiwi kutoka nje ya eneo lake. Kwa mtoto wa gridi, eneo hilo ni seli yake, yenye pikseli 1,800. Tangazo lililonyooshwa nalo lina pikseli 1,800, kwa hiyo nafasi ya kuteleza ndani ya seli ni sifuri. Kitaalamu linaganda, ila halina pa kwenda. Ongeza `align-self: start`, tangazo linakuwa na pikseli 220, nafasi ya kuteleza inakuwa 1,580, na linamfuata msomaji karibu hadi mwisho wa taarifa.

Ikiwa mstari huo umeandikwa kwa mtoto sahihi na tangazo bado haligandi, tazama wazazi wake wa juu. Mmoja wao akiwa na `overflow: hidden`, tangazo hujipima kwa mzazi huyo badala ya dirisha la kivinjari, na kuganda kunashindikana kwa sababu tofauti kabisa.

Pale safu yenyewe inapovimba

Sasa tufike kwenye tatizo linalofanana na hili. Ukurasa wa kuingilia akaunti ya ushirika una kichwa chenye jina, fomu katikati, na nyayo yenye anwani. Mtengenezaji anataka nyayo ikae chini kabisa ya kioo, basi anaandika:

```css
body {
  display: grid;
  min-height: 100vh;
  margin: 0;
}
```

Kichwa kinahitaji pikseli 80, fomu 300, nyayo 70. Jumla ni 450. Kwenye kioo chenye urefu wa pikseli 900 zinabaki pikseli 450 zisizo na mwenyewe. Hapa inaingia sifa nyingine, `align-content`, ambayo haimpangi mtoto ndani ya seli bali huzipanga safu zenyewe ndani ya gridi. Nayo kwa kawaida hunyoosha: ziada hugawiwa sawasawa kwa safu zote zenye urefu wa `auto`. Kila safu inapata 150. Kichwa kinakuwa na pikseli 230, fomu 450, nyayo 220, na ukurasa unaonekana umevimba.

Ukimwandikia kichwa `align-self: start`, rangi yake itarudi kwenye pikseli 80. Lakini safu yake bado ina 230, na chini yake litabaki pengo la 150. Mtoto amepungua, ila chumba hakikupungua. Dawa hapa ni kuziambia safu nani achukue ziada:

```css
body {
  grid-template-rows: auto 1fr auto;
}
```

Kichwa na nyayo vinabaki na urefu wa vilivyomo, na safu ya katikati inameza ziada yote. Kama hutaki yeyote aimeze, `align-content: start` itazisukuma safu zote juu na kuacha nafasi wazi chini.

Njia ya kutofautisha matatizo haya mawili ni kutafuta jirani mrefu. Kisanduku kikiwa kimenyooka hadi kulingana na jirani yake wa safu hiyohiyo, tatizo ni la mtoto, na `align-self` ndiyo dawa. Kama safu haina mtu yeyote mrefu lakini bado ni ndefu, tatizo ni la safu. Vivinjari vya kompyuta vina zana ya kuliona hili bila kubahatisha. Bonyeza F12, kisha kwenye orodha ya vipengele vya ukurasa tafuta alama ndogo `grid` iliyo kando ya mzazi na uibofye. Chrome na Firefox zote zitachora mistari ya gridi juu ya ukurasa, nawe utaona seli inaanzia wapi na kuishia wapi, na kisanduku kimejaza kiasi gani cha seli hiyo.

Ukaguzi huo ufanyike kwenye dirisha pana. Kurasa nyingi hubadilika kuwa na safu wima moja zikifunguliwa kwenye simu, na hapo taarifa na tangazo huwa kila moja kwenye safu mlalo yake. Tangazo halina jirani wa kulivuta, kwa hiyo linaonekana zuri. Anayejaribu ukurasa wake kwenye simu tu atautangaza kuwa mzima, na lawama zitatoka kwa wanaousoma kwenye kompyuta.

Usilivue kila mtu

Baada ya kuona dawa ni nyepesi, kuna kishawishi cha kuandika `align-items: start` kwa kila gridi ili tatizo lisirudi tena. Kwenye ukurasa wa ushirika hilo litaharibu orodha ya aina za kahawa, ambapo visanduku vitatu bega kwa bega vitaishia vimo tofauti na vitufe vyao vya kuagiza kupanda na kushuka. Kunyoosha ndiko kulikokuwa kunavishika mstari mmoja.

Pia usitarajie `align-self` ifanye kazi isiyo yake. Haipunguzi safu wala haiwaiti walio chini wapande juu. Tangazo likishapungua hadi pikseli 220, zile 1,580 za seli bado zipo, tupu, na kisanduku cha pili ukikiongeza kwenye gridi kitaanzia safu mlalo inayofuata, chini ya taarifa yote. Ukitaka visanduku viwili vifuatane pembeni, viweke vyote ndani ya mzazi mmoja, `.pembeni`, na mzazi huyo ndiye apewe `align-self: start`.

Basi utaratibu ni huu. Ukikuta kisanduku kirefu kuliko kilichomo, washa mistari ya gridi na utafute jirani mrefu. Akiwepo, mtambue mtoto wa moja kwa moja wa gridi na umwandikie `align-self: start`, bila kugusa `height`. Asipokuwepo, mwache mtoto na urekebishe safu. Na gridi nyingine ambazo hazikukukera ziache zinyooshe, ndiyo kazi zilizopewa.